Saa ngapi mpaka pesa ishikike mkononi

Usiku ule wa Machi 2023, mama yangu alipovunjika nyonga, nilikuwa na akiba ya shilingi 1,250,000. Naitaja mwanzoni kwa sababu watu wengi wakisikia habari ya mama yangu hudhani sikuwa nimejiwekea chochote. Nilikuwa nimejiwekea, tena sehemu tatu. Laki tisa zilikuwa benki kwenye amana ya muda maalumu, fiksi kama tunavyoiita. Laki mbili na elfu kumi zilikuwa hisa zangu kikundini. Na 140,000 zilikuwa kwenye akaunti ya akiba ya simu. Pamoja na hayo yote, kufikia Jumapili saa tano asubuhi nilikuwa nimeshakopa laki tatu kwa mtu wa kausha damu.

Ninaishi Newala na nina duka la vyakula. Mume wangu ana shamba la mikorosho upande wa Tandahimba. Tangu 2014 mimi ni katibu wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa, na daftari zote za kikundi nimeziandika kwa mkono wangu. Nimekaa muda mrefu na hesabu za watu. Bado yalinipata, na nadhani yanawapata wengi huku kwetu kwa njia ileile, kwa hiyo naieleza siku ile saa kwa saa.

Mama aliteleza kwenye tope uani, Jumamosi kama saa tatu usiku. Hakuweza kuinuka. Hospitali ya hapa walimpa dawa ya maumivu, wakampiga picha, wakatuambia nyonga imevunjika, apelekwe Ndanda. Gari la wagonjwa lilikuwa limeshatoka na mzazi. Tukatafuta gari la kukodi, dereva akasema 180,000 kwenda, na nusu aipate kabla ya kuwasha gari. Nani angemlaumu? Mvua ilikuwa inanyesha, barabara ya udongo, na kuna mteremko wa kushuka kutoka juu huku mpaka Masasi.

Nikahamisha akiba yangu ya simu kwenda kwenye pochi. Hilo halikuchukua hata dakika. Kazi ilikuwa kuigeuza noti. Wakala wa karibu tulimgongea mlango, akaamka bila kinyongo, lakini droo yake ilikuwa na 70,000 tu. Wakala wa mtaani kwetu mwezi Machi hana noti nyingi, kwa sababu mwezi huo wateja wake wanatoa tu na hakuna anayeweka. Mwezi Novemba, korosho zikilipwa, ni hadithi nyingine. Kilichotuokoa ni dereva mwenyewe. Alisema kituo cha mafuta kinapokea lipa namba, basi nikalipia mafuta kwa simu moja kwa moja, na zile 70,000 akazichukua mkononi. Tukaondoka saa saba usiku.

Ndanda tulifika alfajiri. Asubuhi wakatuambia kuna malipo ya awali kabla ya upasuaji, na kwa upande wetu yalikuwa kama laki tatu, mbali na kitanda, dawa na chakula cha sisi wauguzaji. Simu ilikuwa imebaki na senti za kununulia chai.

Nikampigia mwenyekiti wa kikundi. "Shikamoo mwenyekiti, mama amevunjika, naomba kikundi kinisaidie." Akaitikia, akanipa pole, na ndani ya saa moja alikuwa ameshapita nyumba za wajumbe. Lakini sanduku letu lina kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa watu watatu tofauti, jambo ambalo nalitetea mpaka leo. Mmoja wa washika funguo alikuwa amekwenda msibani Tandahimba, akarudi jioni. Sanduku lilipofunguliwa mbele ya wanachama, fedha za mikopo zilizokutwa ndani zilikuwa 96,000. Hisa za wanachama wote ishirini na watano kwa wakati huo zilikuwa 3,400,000. Zaidi ya milioni tatu zilikuwa mikononi mwa watu.

Hakuna aliyeiba hata shilingi. Fedha zilikuwa zimekopeshwa, kama inavyotakiwa. Na hapa ndipo nilipoona jambo ambalo nilikuwa naliandika kwenye daftari kila wiki bila kulisoma.

Kikundi chetu huvunja katikati ya Desemba, tunagawana, kisha tunaanza mzunguko mpya wiki hiyohiyo. Januari watu wanakopa kwa ajili ya sare, madaftari na michango ya shule. Februari mpaka Aprili wanakopa kwa palizi na kwa chakula, kwa sababu ghala limekwisha na shamba halijatoa. Mei mpaka Julai wanakopa kwa salfa ya kupulizia mikorosho. Marejesho makubwa yanaanza kurudi wenye ufuta na mbaazi wakishauza, na yanajaa kuanzia Oktoba mpaka Desemba, minada ya korosho inapofanyika na fedha kuingia kwenye akaunti za wakulima. Maana yake sanduku letu linanona miezi mitatu ya mwisho wa mwaka, wakati hakuna mwenye shida nalo, na linakonda hasa miezi ya mvua, wakati malaria, mafua ya watoto, nyumba kuvuja na watu kuteleza kwenye tope vinapokuja pamoja. Wanachama wote tunakula kutoka shamba moja, hata sisi wenye maduka, maana mteja wangu ni mkulima. Shida yangu ikinikuta mwezi wa tatu, inamkuta jirani yangu naye akiwa ameshachukua mkopo.

Kulikuwa na mfuko wa jamii pia, tofauti na hisa. Kila mwanachama alikuwa anaweka 500 kwa wiki, kwa hiyo 12,500 kwa kikao. Wiki kumi na mbili tulikuwa tumekusanya 150,000. Katiba yetu ilisema msiba 50,000, na mwanachama kulazwa au kulaza mzazi au mtoto 50,000. Misiba miwili ilikuwa imeshatokea Januari na Februari. Nikapewa zangu 50,000, na mfuko ukawa sifuri katikati ya Machi. Aliyepatwa na jambo wiki iliyofuata alipata pole tu. Hilo linaniuma kuliko mengine yote, kwa sababu mimi ndiye niliyeandika ile sifuri.

Wanachama walichanga tena kutoka mifukoni mwao, 70,000, wakanitumia kwa simu. Zilipoingia nikaona zimebaki 32,000. Nilikuwa nimesahau kwamba wiki iliyotangulia, nikinunua bidhaa za duka, salio lilipungua na nikakubali ile huduma ya kukamilishiwa muamala kwa mkopo. Deni na ada yake vilikuwa vimefika 38,000, na deni la aina hiyo halisubiri uamue. Fedha unayotumiwa na watu kwenye laini inakatwa kwanza. Mchango wa watu kwa ajili ya nyonga ya mama yangu ulilipa deni la sukari na mafuta ya kupikia.

Tukienda kwenye fiksi, Jumapili benki imefungwa, hilo linajulikana. Jumatatu asubuhi nilipanda gari kutoka Ndanda mpaka Masasi nikiwa na kitambulisho. Pale nikaambiwa amana inavunjwa kwenye tawi lilipofunguliwa, kwa barua yangu ya maombi na cheti cha amana, na mimi mwenyewe niwepo. Cheti kilikuwa ndani ya sanduku la nguo, Newala. Nikapanda tena. Fedha ziliingia kwenye akaunti yangu Jumanne alasiri, siku tatu tangu mama aanguke. Riba ya miezi minne iliyopita haikulipwa, kwa kuwa nilikuwa nimevunja kabla ya muda.

Kwa hiyo kati ya Jumapili asubuhi na Jumanne alasiri palikuwa na pengo, na pengo lilizibwa na mkopeshaji ambaye shemeji yangu alikuwa anamfahamu. Laki tatu kwa mwezi, urudishe 360,000. Nililipa mwisho wa mwezi kwa fedha za fiksi. Sasa tazama hesabu. Laki tisa kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka zingenipa 72,000. Ukitoa kodi ya zuio ya asilimia 10, ambayo benki inakata yenyewe kwenye riba, zinabaki 64,800. Mimi nilimlipa mkopeshaji 60,000 kwa mwezi mmoja ili tu niwe na laki tatu siku mbili mapema. Faida ya mwaka mzima, ambayo hata hivyo sikuipata, ingemezwa karibu yote na siku mbili za kusubiri.

Tangu hapo nimeacha kuuliza kwanza fedha ya dharura inazaa kiasi gani. Nauliza itachukua saa ngapi mpaka ishikike mkononi, mwezi gani, na nani mwingine anaweza kuichukua kama aliyelazwa ni mimi. Nikiyapima makapu yangu matatu kwa maswali hayo, kila kapu linajieleza.

Simu nimeirekebisha zaidi kuliko vyote, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo. Watu wanachanganya pochi na akaunti ya akiba, na ni vitu viwili. Salio la pochi, lile unalotumia kutuma na kulipia, ni fedha ya kielektroniki. Kampuni ya simu inatakiwa kuweka benki fedha halisi inayolingana na salio la wateja wote, kwenye akaunti ya udhamini. Akaunti ya akiba ya simu, kama M-Pawa, ni akaunti ya benki unayoifikia kwa simu. Humo unapata riba kidogo, na amana yako inaangukia chini ya Bodi ya Bima ya Amana, ambayo tangu 2023 kinga yake imepanda kutoka 1,500,000 hadi 7,500,000 kwa mteja katika benki moja. Riba yake si ya kutajia watu. Hata ikiwa asilimia 3, laki tatu zinakupa elfu tisa kwa mwaka kabla ya kodi. Hiyo haitakiwi ikuumize, kwa sababu unachonunua pale ni saa, kwamba usiku wa manane fedha inahama kutoka akiba kwenda pochi bila kuomba ruhusa ya mtu.

Sasa akiba yangu ya simu iko kwenye laini ya pili, ambayo siitumii dukani na haijawahi kuchukua mkopo wa aina yoyote. Laini ya duka ikiwa na deni, ndugu na wanachama wanatumia kwenye hii ya pili. Ni busara pia kusoma masharti ya mkopo wa akiba ya simu kabla ya kuukubali, maana ukikopa humo akiba yenyewe inaweza kushikiliwa hadi umalize, na siku ya dharura unaiona kwenye kioo tu.

Noti nazo nimezitafutia njia. Nyumbani naweka 60,000 za noti ndogondogo mahali ambapo mimi na mume wangu tunapajua, kwa ajili ya bodaboda au sehemu ya kwanza ya gari. Fedha nyingine sitoi kwa wakala kama inaweza kulipwa bila kutolewa. Maduka mengi ya dawa yana lipa namba. Hospitali za serikali zinakupa kumbukumbu namba ya malipo, ile wengi tunaiita kontroo namba, unalipa kwa simu ukiwa umekaa kwenye benchi. Unaokoa makato ya kutoa, na hutegemei droo ya mtu. Na kama ni lazima utoe, toa mara moja kiasi unachokihitaji, kwa kuwa makato yanakwenda kwa ngazi, na kutoa elfu ishirini mara tano kunakula zaidi ya kutoa laki mara moja.

Swali la tatu, la nani mwingine, lilinitisha nilipolifikiria. Kama ningeteleza mimi badala ya mama, namba yangu ya siri ingekuwa kichwani mwangu, na mimi nimelala kwa dawa. Nimeamua kuigawa dharura, si kugawa namba ya siri. Sehemu iko kwenye laini yangu, sehemu kwenye laini ya mume wangu, na kila mmoja anajua mwenzake ana kiasi gani. Kwa mwenye akaunti peke yake, akifariki, familia inahitaji msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama kabla benki haijatoa kitu, na hiyo si kazi ya wiki moja. Kikundi kina wepesi hapa, kwa kuwa kila daftari lina jina la mrithi, na wenzako wanamjua kwa sura.

Fiksi sikuiacha, ingawa mume wangu aliniambia niiache. Kosa langu halikuwa kuweka benki. Nilifunga laki tisa zote kwa tarehe moja, miezi kumi na miwili, eti kwa sababu riba ya mwaka ilikuwa kubwa kuliko ya miezi mitatu. Nilizifunga Novemba mpaka Novemba. Yaani zilikuwa zifunguke mwezi ambao korosho zimelipwa na sina shida, na zifungwe miezi yote ya dhiki.

Siku hizi, fedha za korosho zikiingia, nagawa milioni moja mara mbili. Laki tano naziweka miezi mitatu, zinaiva Februari. Laki tano nyingine miezi sita, zinaiva Mei. Riba ni ndogo, sikatai. Kwa viwango nilivyopewa mara ya kwanza nilipofanya hivi, asilimia 5 kwa ile fupi na 6 kwa ile ndefu, ya kwanza ilinipa 5,625 na ya pili 13,500 baada ya kodi. Ningefunga zote mwaka mzima kwa asilimia 8 ningepata 72,000. Tofauti hiyo ndiyo bei ya kuwa na fedha Februari na Mei, na kwangu ni rahisi kuliko kausha damu. Februari ikipita salama, sizirudishi zote kwenye fiksi. Zinakaa akaunti ya kawaida mpaka mvua zikatike.

Mwenye kutaka kufungua fiksi kwa ajili ya dharura, mambo ya kumuuliza ofisa wa benki kabla ya kusaini si mengi. Nikivunja kabla ya muda, napoteza riba yote au sehemu? Naweza kuvunjia tawi lolote au hili tu, na inachukua siku ngapi? Mnatoa mkopo kwa dhamana ya amana hii, ili nisiivunje, na mkopo huo unatoka siku hiyohiyo? Halafu lipo la nne ambalo wengi hawaliulizi: muda ukiisha, inajifunga yenyewe upya? Mwanachama mwenzetu mmoja alikwenda siku tano baada ya tarehe, akakuta amana yake imeshaanza miezi sita mingine, kwa kuwa fomu aliyosaini ilisema ijirudie bila maelekezo mapya. Kwenye fomu yangu siku hizi naandika fedha zihamie akaunti yangu ya kawaida, na cheti kinakaa pamoja na kadi ya kliniki, si chini ya nguo.

Kikundi ndicho kigumu kukisemea, kwa sababu nakipenda. Kwa mtu asiye na mshahara ndiyo mahali pekee nilipoona watu wanaweka akiba bila kukosa, kwa kuwa jina lako linaitwa mbele ya wenzako kila Alhamisi. Lakini kuna maneno tunadanganyana nayo. Tunasema hisa ya 5,000 imetoka na 6,500 Desemba, kwa hiyo kikundi kinalipa asilimia 30, benki wanatuibia. Ile 1,500 haikutoka mbinguni. Ni riba ya asilimia 5 kwa mwezi tuliyolipana sisi kwa sisi, pamoja na faini. Aliyekopa sana na kununua hisa chache, yeye ndiye aliyemlipa yule aliyenunua hisa nyingi na kukopa kidogo. Na riba hiyo kubwa ni malipo ya hatari, kwamba mkopo unaweza usirudi. Kikundi kinatakiwa kusajiliwa halmashauri, na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 imeviweka vikundi vya namna yetu daraja la nne. Sisi tumesajiliwa na cheti tunacho. Cheti hakitulipi fedha zikipotea. Bima ya Amana haifiki kwenye sanduku la kufuli tatu.

Wenzangu wa kusini wanakumbuka msimu wa 2018. Minada ilisimama kwa bei, serikali ikatangaza kununua korosho kwa 3,300 kwa kilo, kukawa na uhakiki wa wakulima, na malipo kwa wengi yakachelewa miezi. Kikundi chetu kilikuwa na mikopo ya zaidi ya milioni tano nje, yote ikisubiri korosho. Desemba hatukuvunja. Tulivunja Machi 2019, tena kwa kugawana kidogokidogo. Hakuna mwanachama aliyekuwa mkorofi, na katiba ilikuwa sahihi. Wote tulikuwa tunasubiri fedha ileile. Siku kama hiyo kikundi hakiwezi kuwa mfuko wako wa dharura, hata kiongozwe na malaika, na ndiyo maana nasema sehemu ya akiba lazima ikae mahali ambapo haitegemei jirani yako alipwe kwanza.

Inachoweza kikundi ni shida ya mtu mmoja mmoja. Baada ya habari ya mama tulibadili katiba. Mfuko wa jamii tuliuacha kwa ajili ya misiba. Tukaanzisha mfuko wa dharura wa 1,000 kwa wiki kwa kila mtu, 25,000 kwa kikao, na tukaandika kwamba fedha hizo hazikopeshwi kwa biashara wala palizi. Wiki kumi zinatupa 250,000. Mwanachama akipata dharura ya hospitali anachukua hadi 150,000 bila riba, anarudisha ndani ya mwezi. Na mfuko huo hautunzwi sandukuni, uko kwenye M-Koba, akaunti ya kikundi ya kwenye simu. Viongozi wanaidhinisha kila mmoja kwa simu yake, hata akiwa msibani Tandahimba, na taarifa ya muamala inawafikia wanachama. Mara ya kwanza ulipotumika, mtoto wa mwanachama alikuwa na degedege saa nne usiku. Kuanzia simu ya kuomba mpaka fedha kuingia zilipita dakika arobaini, nyingi zikiwa za kumwamsha mtunza hazina.

Bado kuna jambo hatujakubaliana. Mimi napendekeza sehemu ya fedha za hisa nayo isikopeshwe, angalau asilimia 15 ibaki ndani kuanzia Februari mpaka Juni. Vijana kikundini hawataki, na wana hoja. Wanasema fedha iliyolala haizai, hisa ya Desemba itashuka, na wanaopunguziwa mkopo wa palizi watakwenda kukopa nje, kwa kausha damu, kulekule ninakowakataza. Mzee mmoja akasema basi iwe asilimia 10. Mwingine akauliza, je, mvua zikikosekana kabisa na kila mtu akaitaka asilimia hiyo siku moja, tunampa nani?

Alhamisi iliyopita tulifunga kikao bila jibu. Mama alikuwepo, na fimbo yake, maana ameingia kikundi mwaka jana na amechaguliwa mshika ufunguo. Nikasoma daftari kama kawaida: hisa zote 4,150,000, mikopo iliyo nje 3,870,000, iliyopo sandukuni 280,000. Akaniomba nisome tena ile ya mwisho, taratibu, kisha akafunga kufuli yake.